Chuma Kinapoliwa na Kinaponusurika: Kusoma Mchoro wa Pourbaix

Kwenye majengo ya zamani ya pwani, Tanga au Mombasa, si ajabu kukuta nguzo iliyopasuka kwa urefu, ufa umefuata mstari wa nondo na michirizi ya kahawia imeteremka hadi chini. Fundi akibomoa zege pale hukuta nondo imevimba kwa kutu na kupungua unene. Akibomoa nguzo ya ndani ya jengo hilohilo, anaweza kukuta nondo ya bando lilelile ikiwa na rangi yake ya kijivu, kama ilivyotoka dukani. Chuma ni kimoja, umri ni mmoja. Kilichotofautiana ni maji yanayogusa chuma hicho, kwa kuwa zege, hata likionekana kavu, lina maji katika vitundu vyake vidogo.

Upo mchoro mmoja unaoonyesha ni maji ya namna gani humla chuma na ni yapi humwacha. Aliyeubuni ni Mbelgiji Marcel Pourbaix (1904–1998), mtaalamu wa kemia ya umeme aliyefanya kazi zake Brussels. Aliueleza katika tasnifu yake ya mwaka 1945, na mwaka 1963 akachapisha atlasi kubwa yenye michoro ya namna hiyo kwa metali moja baada ya nyingine. Mchoro wa chuma ndio unaotumiwa zaidi. Kwenye vitabu hutisha kwa wingi wa mistari, lakini ule unaohitajiwa kwa kazi za kawaida unaweza kuuchora mwenyewe kwenye karatasi ya miraba kwa dakika chache.

Mistari miwili ya pembeni

Mchoro huu ni ramani, na kama ramani yoyote, ukitaka kujua uko wapi unahitaji vipimo viwili. Cha kwanza, kinachokwenda kutoka kushoto hadi kulia, ni pH ya maji: kushoto kabisa ni 0, tindikali kali, katikati ni 7, maji safi, kulia kabisa ni 14. Maji ya limao yako karibu na 2. Maji yaliyoshiba chokaa, kama yale yaliyomo ndani ya zege jipya, yako karibu na 12.5.

Kipimo cha pili, kinachopanda kutoka chini kwenda juu, ni volteji ya chuma. Chuma kinapoliwa, kila atomi yake huacha elektroni mbili na kuingia majini ikiwa ioni, Fe²⁺. Volteji inatueleza jinsi mazingira yanavyozivuta elektroni hizo. Kukiwa na oksijeni nyingi au dawa inayopokonya elektroni, volteji hupanda. Chuma kikiunganishwa na zinki, au na mtambo wa umeme unaokisukumia elektroni, volteji hushuka.

Volteji haipimwi peke yake. Hupimwa kwa kulinganisha na kitu kingine. Kwenye vitabu hulinganishwa na elektrodi ya hidrojeni. Kazini hakuna anayebeba elektrodi hiyo. Wapimaji hubeba bomba dogo lenye fito ya shaba ndani ya maji yaliyoshiba salfeti ya shaba, yale ya rangi ya buluu, na ncha yenye vitundu inayopitisha unyevu. Kubadilisha usomaji wa bomba hilo uwe usomaji wa mchoro, unaongeza volti 0.316. Kwa hiyo mita ikionyesha -0.50, mahali pako kwenye mchoro ni karibu -0.18. Anayesahau hatua hii hujikuta theluthi ya volti chini ya mahali alipo, na hiyo yatosha kumhamisha eneo zima.

Chora mwenyewe

Chukua karatasi ya miraba. Weka pH kutoka 0 hadi 14 kwa upana, na volteji kutoka -1.2 hadi +1.4 kwa urefu. Kisha weka alama tatu: ya kwanza kwenye pH 1.8 na volti 0.77, ya pili kwenye pH 7.3 na volti -0.21; ya tatu kwenye pH 9 na volti -0.62. Ziunganishe kwa rula. Utapata mstari unaoteremka kwa kasi kutoka juu kushoto, ambao ukipita alama ya pili unateremka kwa kasi zaidi. Kutoka alama ya kwanza, panda wima hadi juu ya karatasi. Kutoka alama ya tatu, vuta mstari wa kulala kwenda kushoto mpaka ukingoni, kwenye volti -0.62. Mwisho, kutoka alama hiyo ya tatu vuta mstari mwingine unaoshuka taratibu kwenda kulia hadi pH 14 na volti -0.91.

Karatasi yako sasa imegawanyika mara tatu. Chini kabisa ni eneo la kinga. Humo chuma tupu ndicho kitu imara, na hakina sababu ya kugeuka kitu kingine. Kushoto, juu ya mstari wa kulala, ni eneo la kuliwa. Humo kitu imara ni ioni zilizoyeyuka majini, kwa hiyo chuma kitaendelea kuyeyuka. Eneo hili ni pana upande wa tindikali, na linazidi kuwa jembamba kadiri unavyokwenda kulia, hadi linakwisha kwenye ncha ya pH 9. Sehemu yote iliyobaki, juu na kulia, ni eneo la utando. Humo kitu imara ni oksidi ya chuma: magnetiti nyeusi kwenye ukanda wa chini, hematiti kwa juu. Oksidi ikiota moja kwa moja juu ya chuma na kushikamana nacho, hufanya utando mwembamba usioonekana kwa macho, unaokitenga chuma na maji.

Vitabu huonyesha pia pembe ndogo upande wa kulia kabisa, kuanzia karibu pH 13.6, ambamo chuma huweza kuyeyuka tena kwa volteji ya chini. Tutaiacha.

Ongeza mistari miwili ya nukta. Mmoja utoke volti 0 kwenye pH 0 hadi volti -0.83 kwenye pH 14. Mwingine utoke volti 1.23 hadi volti 0.40. Kati ya mistari hiyo ndimo maji yenyewe yanamotulia. Chini ya ule wa kwanza maji huanza kutoa hidrojeni, na juu ya ule wa pili hutoa oksijeni.

Tazama sasa jambo ambalo mchoro unalisema bila maneno: eneo la kinga lote liko chini ya mstari wa hidrojeni. Haligusi ukanda wa maji tulivu hata mahali pamoja. Maana yake ni kwamba chuma kilichoachwa chenyewe ndani ya maji ya kawaida hakiwezi kukaa katika kinga. Ama kitaliwa, ama kitajifunika utando. Shaba sivyo, sehemu ya eneo lake la kinga imo ndani ya ukanda wa maji, na ndiyo sababu mabonge ya shaba tupu hupatikana ardhini kama yalivyo, wakati chuma lazima kiyeyushwe kutoka kwenye mawe.

Mpaka uliowekwa kwa makubaliano

Kabla ya kuutumia mchoro, ni vizuri kujua mipaka yake ilitoka wapi. Mstari wa kulala wa -0.62 haukuandikwa na maumbile. Chuma chochote kikiwekwa majini huachia ioni chache, na volteji ya mpaka hutegemea ni ioni ngapi tunazikubali kabla ya kusema kwamba sasa kinaliwa. Pourbaix alichagua kiwango cha sehemu moja ya milioni ya moli kwa lita, yaani takriban miligramu 0.056 za chuma katika lita ya maji. Chini ya hapo, alisema, kuliwa si kitu kwa shughuli za kawaida. Ukikubali kiwango kikubwa zaidi, moli nzima kwa lita, mstari hupanda hadi -0.44, na mstari wa mteremko nao husogea kushoto.

Kwa hiyo nukta iliyokaa karibu sana na mpaka isikupe uhakika wowote. Nukta iliyo mbali na mpaka, ndani ya eneo lake, ndiyo inayosema neno.

Msumari kwenye maji ya bomba

Tuanze na jambo jepesi. Msumari mtupu umewekwa kwenye gilasi ya maji ya bomba yenye pH 7. Unganisha mita, chovya bomba la salfeti ya shaba, na usomaji ukitulia utakuwa karibu -0.72. Ongeza 0.316, unapata karibu -0.40. Sasa panda juu kwenye pH 7 ya karatasi yako. Kuliwa kunaanzia -0.62 na kuishia kwenye mteremko, karibu -0.16. Nukta yako iko katikati. Msumari unaliwa, na kesho maji yatakuwa na rangi ya chai.

Kutoka kwenye nukta hiyo kuna njia tatu za kuondoka kwenye eneo la kuliwa, na kila njia ni kazi ambayo mafundi wanaifanya.

Unaweza kwenda chini. Funga kipande cha zinki kwenye msumari, na zinki itasukuma elektroni zake hadi volteji ya msumari ishuke kupita -0.62. Kinacholiwa sasa ni zinki. Ndivyo mabati yanavyolindwa, na ndivyo mabomba ya ardhini yanavyolindwa kwa mtambo wa umeme.

Unaweza kwenda kulia. Tia chokaa kwenye maji mpaka pH ifike 12. Huko eneo la kuliwa halipo tena, na nukta yako, hata ikibaki kwenye volteji ileile, itatua ndani ya eneo la utando.

Au unaweza kwenda juu, kwa kutia dawa inayopandisha volteji kupita mteremko, kama naitraiti inayotiwa kwenye maji ya mitambo ya kupoza. Njia hii ina hatari ambayo karatasi inaionyesha vizuri. Dawa ikiwa pungufu, nukta hupanda lakini inabaki ndani ya eneo la kuliwa, au sehemu moja ya chuma inavuka na nyingine inabaki. Sehemu iliyobaki ndiyo inayobeba mzigo wote, na inatobolewa upesi kuliko kama dawa isingetiwa kabisa.

Mabomba ya ardhini yanatuonyesha jambo la ziada. Kanuni ya siku nyingi ya walinzi wa mabomba ni kuishusha volteji hadi -0.85 kwa bomba la salfeti ya shaba. Ongeza 0.316, unapata -0.53. Kwenye pH 7, nukta hiyo bado iko juu ya mstari wa kinga, ndani ya eneo la kuliwa, lakini mabomba yanadumu. Sababu ni kwamba umeme unaosukumwa kwenye chuma hutengeneza alkali palepale juu ya uso wake. Udongo uliobaki una pH 7, ila maji yaliyogusa bomba yamepanda. Yakifika karibu pH 8.7, nukta ya -0.53 inaingia kwenye ukanda wa magnetiti. Lililodhaniwa ni safari ya kwenda chini, kumbe ni safari ya kwenda chini na kulia kwa pamoja.

Hapo ndipo penye siri ya kuusoma mchoro huu. pH inayotakiwa ni ya maji yale yanayokigusa chuma, si ya udongo, si ya tangi, si ya zege kwa jumla. Nguzo za pwani zinalionyesha hili kwa ukali zaidi.

Nguzo mbili, mita moja

Tuchukue nguzo mbili za jengo moja la ufukweni. Ya kwanza iko ndani, ya pili inapigwa na upepo wa bahari. Mpimaji anatoboa zege mahali pamoja mpaka aione nondo, anaing'arisha kwa brashi ya waya, anaibana kwa kibanio na kuunganisha waya kwenye upande chanya wa mita. Upande hasi anauunganisha na bomba la salfeti ya shaba. Analowesha uso wa nguzo, anaweka kipande cha sponji chenye maji, anaegesha ncha ya bomba juu yake na kusubiri tarakimu zitulie. Kisha anahama hatua kwa hatua, akiandika kila usomaji kwenye michoro ya miraba aliyoipiga kwa chaki.

Nguzo ya ndani inasoma karibu -0.11 kila mahali. Ya nje inashuka, na karibu na ufa inafika -0.46. Kiwango cha Marekani kiitwacho ASTM C876, kinachotumiwa na wapimaji wengi, kinasema hivi: usomaji ulio juu ya -0.20 una uwezekano wa zaidi ya asilimia 90 kwamba nondo haijaanza kuliwa. Ulio chini ya -0.35 una uwezekano kama huo kwamba inaliwa. Katikati hapana uhakika. Kwa kanuni hiyo nguzo ya kwanza ni nzima na ya pili ni mgonjwa.

Sasa tupeleke nukta hizo kwenye karatasi. Ya kwanza ni +0.21, ya pili ni -0.14. Mpimaji amevunja vipande vya zege kutoka nguzo zote mbili na kuvipulizia finolfthaleni, dawa isiyo na rangi ambayo hugeuka ya zambarau ikikuta alkali kali. Vipande vyote viwili vimegeuka. Kwa hiyo zege bado lina alkali yake, na tunaweza kuweka pH 12.5 kwa zote mbili. Kwenye pH hiyo eneo la utando linaanzia -0.82 na kupanda. Nukta zote mbili zimo ndani yake, mbali kabisa na mpaka. Mchoro unasema nondo zote ni salama, lakini ya pili imepasua zege.

Hapa wengine huutupa mchoro. Kosa liko kwenye pH tuliyoiweka.

Chumvi ya bahari, au ya mchanga wa ufukweni uliochanganywa kwenye zege bila kuoshwa, ina kloridi. Kloridi hupenya taratibu mpaka kwenye nondo na kuuvunja utando mahali padogo, labda pa ukubwa wa kichwa cha pini. Hapo chuma huyeyuka, na ioni zake hupambana na maji:

Fe²⁺ + 2H₂O → Fe(OH)₂ + 2H⁺

Kile kinachobaki upande wa kulia, H⁺, ni tindikali. Tundu likiwa finyu, tindikali haiwezi kutoka upesi, wala alkali ya zege haiwezi kuingia upesi kuizima. Ioni za chuma zenye chaji chanya huvuta kloridi zaidi ndani ili kusawazisha, na kloridi hizo huusaidia utando kuvunjika zaidi. Ndani ya tundu lenye upana wa milimita chache pH huanguka hadi 4 au 5, wakati milimita chache pembeni bado ni 12.5.

Rudi kwenye karatasi na uisogeze nukta ya -0.14 kushoto hadi pH 4. Pale mteremko uko kwenye volti 0.37, na mstari wa kinga kwenye -0.62. Nukta imeketi ndani ya eneo la kuliwa. Hata tukikubali kwamba maji ya tundu yameshiba ioni za chuma kwa moli nzima kwa lita, na mpaka umesogea hadi 0.02, nukta bado imo. Kwa volteji hii, pH yoyote iliyo chini ya 7 hivi ni ya kuliwa.

Kumbe nguzo moja ina nukta mbili kwa volteji ile moja. Kwenye pH 12.5 ni uso mpana wenye utando, ambao hauliwi ila unapokea elektroni na kuzitumia pamoja na oksijeni. Kwenye pH 4 ni tundu dogo linalozitoa. Mita iliyoko juu ya zege inapima volteji ya pande hizo mbili zikiwa zimefungwa pamoja, na ndiyo maana imeshuka kutoka +0.21 ya nguzo nzima. Kushuka huko ndiko ishara. Mita imegundua tundu kwa kuona jinsi linavyovuta majirani chini.

Kaboni, na nondo ya chini ya maji

Finolfthaleni isingebadilika rangi, hadithi ingekuwa nyingine. Hewa ukaa huingia kwenye zege miaka nenda rudi na kuigeuza chokaa yake kuwa kalsiamu kaboneti, mpaka pH ikashuka karibu 8. Hapo hakuna tundu. Sehemu yote iliyofikiwa imesogea kushoto. Kwenye pH 8 eneo la kuliwa limerudi, kutoka -0.62 hadi -0.38. Lakini nondo nyingi zilizoliwa kwa njia hii husoma juu kidogo ya hapo, mahali ambapo mchoro unasema oksidi ndiyo imara. Mchoro haujakosea. Unasema ni kitu gani kitatulia, hausemi kama kitakaa kama utando mwembamba uliobana au kama maganda malegevu yanayopitisha maji. Kwenye pH 12.5 ni utando. Kwenye pH 8 mara nyingi ni maganda, yaani kutu yenyewe.

Mfano wa kinyume uko kwenye nguzo za gati, sehemu inayokaa chini ya maji wakati wote. Mpimaji anaweza kusoma -0.90 pale na kushtuka, maana kwa kanuni ya -0.35 nondo hiyo ingekuwa imekwisha zamani. Ongeza 0.316, unapata -0.58. Zege likiwa bado na pH 12.5, nukta hiyo iko kwenye ukanda wa magnetiti. Volteji imeshuka kwa sababu zege lililojaa maji halipitishi oksijeni ya kutosha, si kwa sababu chuma kinaliwa kwa kasi. Na hata tundu likiwepo, pasipo oksijeni ya kupokea elektroni litaliwa polepole sana. Kasi haimo kwenye mchoro popote. Mchoro unajua mwelekeo tu. Nondo za gati huharibika zaidi kwenye ukanda unaolowa na kukauka, ambako chumvi hujilimbikiza na hewa inafika.

Kiraka kinachozaa ufa mpya

Tumalizie na jambo linalowasumbua wenye nyumba wengi. Nguzo ya nje inabomolewa pale penye ufa, nondo inasafishwa, zege jipya linajazwa, rangi inapigwa. Baada ya miaka michache ufa unatokea tena, lakini si kwenye kiraka. Umetokea pembeni yake, kwenye zege la zamani lililokuwa zima. Fundi hulaumiwa kwa saruji hafifu.

Chukua karatasi uone kilichotokea. Kabla ya ukarabati, nondo ya pembeni ilikuwa na kloridi tayari, lakini tundu la jirani liliivuta volteji yake hadi -0.14. Kloridi inahitaji volteji ya kutosha ili iuvunje utando. Kadiri chumvi inavyozidi, ndivyo volteji ndogo zaidi inavyotosha. Mpaka huo haumo kwenye mchoro tuliouchora, kwa kuwa tuliuchora kwa maji yasiyo na chumvi. Pourbaix mwenyewe aliuongeza baadaye kwenye michoro ya maji yenye kloridi, na huwa ni mstari unaokata eneo la utando vipande viwili: chini yake utando unadumu, juu yake unatobolewa. Ukarabati uliliondoa tundu. Kwa kuliondoa, uliondoa pia kile kilichokuwa kikiishusha volteji ya majirani. Volteji yao ikapanda, tuseme hadi +0.10, ikavuka mstari ule, na matundu mapya yakaanza.

Dawa mbili zinatoka hapohapo kwenye karatasi. Ya kwanza ni kubomoa zaidi ya ufa unapoishia, hadi mahali ambapo vipimo vya maabara vinaonyesha kloridi ni kidogo, ili nondo inayobaki nje ya kiraka isiwe na chumvi ya kuivunja. Ya pili ni kufunga vipande vya zinki kwenye nondo ndani ya ukingo wa kiraka kabla ya kujaza zege. Zinki hizo hazina nguvu ya kuifikisha nondo kwenye kinga, chini kule kwenye -0.82, wala hazihitaji kufika huko. Kazi yake ni kuishikilia volteji ya majirani isipande kupita mstari wa kloridi, yaani kufanya kile tundu lilichokuwa likifanya, ila sasa kinacholiwa ni zinki. Mpimaji akirudi na bomba lake miezi kadhaa baadaye, anapaswa kukuta usomaji kuzunguka kiraka ukiwa chini kuliko wa nguzo ya ndani. Akikuta uko juu sawa na ule wa nguzo ya ndani, zinki hazijaungana na nondo, na kiraka kifunguliwe kabla ufa haujajifungua wenyewe.